Barua Pepe na Ripoti Ofisini: Mwanagenzi Aandike Kiswahili au Kiingereza?

Wanafunzi wa vyuo wanapoanza mafunzo kazini katika ofisi za kaunti, kazi ya kwanza wanayopewa mara nyingi ni ya kuandika. Mwanagenzi hupokea barua za wakazi, huandaa majibu, hupeleka suala kwa idara inayohusika na mwishoni mwa wiki huandika ripoti. Hapo ndipo swali huzuka: aandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza? Na akishachagua, aandike vipi ili asionekane anaamrisha wakubwa wake, wala asimpe mkazi ahadi ambayo ofisi haikuitoa?

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuamua, kwa kufuata barua moja ya mfano kutoka Kibarani hadi inapopata jibu. Yanamhusu mwanagenzi, lakini yanamhusu pia mkazi anayeandika barua hiyo, kwa sababu lugha ikichaguliwa vibaya mkazi ndiye anayekosa huduma.

Sheria inasemaje

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo barua ya Kiswahili iliyoletwa katika ofisi ya umma ni barua rasmi kamili. Si rasimu ya kusubiri kutafsiriwa, wala si sababu ya kumrudisha mkazi nyumbani akatafute mtu wa kumwandikia Kiingereza.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakwenda mbali zaidi. Inasema ombi la kupewa habari kutoka ofisi ya umma litaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Mtu asiyeweza kuandika kwa sababu hajui kusoma au ana ulemavu anaweza kueleza ombi lake kwa mdomo, naye afisa anayehusika na habari analiandika na kumpa nakala. Ombi likishapokelewa, uamuzi unatakiwa kutolewa haraka iwezekanavyo na usizidi siku 21. Siku hizo zinahesabiwa kuanzia ombi lilipopokelewa, si siku lilipotafsiriwa.

Hata hivyo, mwanagenzi atakuta kwamba faili nyingi za ofisi, bajeti, ripoti za wahandisi na barua kati ya idara zimeandikwa kwa Kiingereza. Hilo nalo si kosa. Kazi yake ni kujua barua iliyo mbele yake inaelekea wapi.

Nani atachukua hatua?

Njia rahisi ya kuamua ni kujiuliza: baada ya mimi, nani atasoma maandishi haya na kufanya kitu? Lugha ya mtu huyo ndiyo lugha ya kuandikia. Mkazi aliyeandika kwa Kiswahili ajibiwe kwa Kiswahili. Aliyeandika kwa Kiingereza ajibiwe kwa Kiingereza, hata kama mwanagenzi anamfahamu na huzungumza naye Kigiriama wakikutana dukani. Mhandisi ambaye faili yake yote ni ya Kiingereza aandikiwe kwa Kiingereza, kwa sababu maneno ya barua hiyo huenda akayanakili moja kwa moja katika ombi lake la vifaa. Tangazo la mkutano wa wakazi liandikwe kwa Kiswahili, kisha siku ya mkutano lielezwe kwa Kigiriama inapohitajika.

Jambo lisilofaa ni kuchanganya lugha mbili ndani ya sentensi moja. Katika mazungumzo ya ofisini kila mtu huchanganya na hakuna anayekwama. Katika barua, msomaji hawezi kukuuliza ulimaanisha nini.

Mfano: kioski cha maji

Tuseme Alhamisi tarehe 4 Septemba mwanagenzi katika ofisi ya wadi ya Kibarani anapokea barua ya mkono iliyoandikwa Jumatano tarehe 3. Mkazi anasema kioski cha maji karibu na kwake hakina maji tangu juzi, kwamba wanadai maji yarudishwe, na kwamba anaomba kujua mwaka huu zimetengwa shilingi ngapi za kukarabati kioski hicho.

Barua hiyo ya aya moja ina mambo mawili. Kuna malalamiko kuhusu huduma, ambayo ni ya ofisi ya maji. Kuna pia ombi la habari, ambalo linaangukia sheria ya 2016 na limeanza kuhesabiwa siku. Mwanagenzi anayesoma haraka huona malalamiko tu, akayapeleka kwa mhandisi, na swali la pesa likapotea njiani. Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya lugha yoyote, ni kupiga muhuri wa tarehe ya kupokea na kuandika pembeni: mambo mawili.

Kutokana na barua hiyo yatatoka maandishi manne. Tuyatazame moja moja.

La kwanza ni jibu kwa mkazi, kwa Kiswahili. Mwanagenzi huandaa rasimu, msimamizi wa wadi huisoma na kuitia saini. Kiini chake kinaweza kuwa hivi:

"KUH: KIOSKI CHA MAJI NA OMBI LA HABARI. Tumepokea barua yako ya tarehe 3 Septemba, iliyofika ofisini tarehe 4 Septemba. Umetuarifu kwamba kioski hakina maji tangu tarehe 1 Septemba. Suala hilo tumelipeleka leo kwa ofisi ya maji ya kaunti ndogo. Umeomba pia kujua kiasi cha fedha kilichotengwa kwa ukarabati. Ombi hilo limepelekwa kwa afisa anayehusika na habari, na uamuzi unatakiwa kutolewa kufikia tarehe 25 Septemba."

Tazama kwamba jibu hilo halisemi maji yatarudi lini. Kiambishi "-ta-" katika barua ya ofisi husomwa kama ahadi. Ukiandika "maji yatarudi Ijumaa", mkazi ataiweka barua hiyo na Jumamosi atakuja nayo mkononi. Ikiwa mhandisi amesema anakisia tu, andika hivyo: "ofisi ya maji inakadiria kwamba matengenezo yatachukua siku tatu". Ikiwa hajasema lolote, eleza hatua iliyochukuliwa na usimame hapo.

La pili ni barua pepe kwa ofisi ya maji, kwa Kiingereza. Katika nafasi ya Subject weka mambo matatu: mahali, tatizo na tarehe lilipoanza. Kichwa kinachosema "malalamiko" peke yake hakimsaidii mtu mwenye barua pepe arobaini za kusoma. Katika sentensi mbili za mwanzo sema unaomba nini na kufikia lini. Maelezo yafuate, kisha utaje kwamba barua ya mkazi imeambatishwa. Mpangilio huu ni tofauti na barua ya Kiswahili tuliyozoea, ambayo huanza kwa salamu, ikaeleza hali, na ombi likaja mwisho. Mwanagenzi akipeleka mpangilio huo katika barua pepe ya Kiingereza, mhandisi hufika katikati bila kujua anatakiwa kufanya nini.

Katika nafasi ya Cc muweke msimamizi wako. Usitumie Reply all mpaka uhakikishe ni nani wote waliomo, kwa sababu barua ya mkazi ina jina lake na pengine nambari yake ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda maelezo kama hayo, na watu wasiohusika na kioski hawana haja nayo.

La tatu ni ripoti ya wiki. Ikiwa ripoti za ofisi huandikwa kwa Kiingereza, nayo iwe ya Kiingereza. Lakini maneno ya mkazi yanayobeba uzito yaachwe kwa Kiswahili ndani ya alama za kunukuu, na tafsiri ifuate. Kwa njia hiyo afisa anayesoma anaweza kupima mwenyewe kama tafsiri ni ya haki. Jina la mkazi halihitajiki katika ripoti inayosambazwa, "mkazi wa wadi" inatosha. Ikiwa katika mkutano mtu alizungumza kwa Kigiriama, ripoti iseme hivyo na imtaje aliyefasiri kwa cheo chake.

La nne ni tangazo la mkutano, ofisi ikiamua kukutana na wakazi kuhusu kioski hicho. Hili ni la Kiswahili, na lina mtego wake ambao tutaueleza hapa chini.

Maneno yanayobadilika uzito njiani

Mwanagenzi anayehamisha jambo kutoka Kiswahili hadi Kiingereza hana budi kuangalia maneno machache yenye hatari.

Neno "kudai" ni mojawapo. Mkazi wetu aliandika "tunadai maji yarudishwe". Hapo anamaanisha kushurutisha haki yake. Lakini ripoti ikisema "mkazi anadai kwamba maji yamekatika", neno lilelile sasa linamaanisha anasema jambo ambalo halijathibitishwa. Kiingereza kina maneno mawili tofauti kwa maana hizo mbili. Ukichukua la pili mahali pa la kwanza, umemfanya mkazi aonekane anasingizia. Ukikosea kwa upande mwingine, umemfanya aonekane mgomvi. Na katika Kiswahili chenyewe, ikiwa umekwenda ukaona mfereji mkavu kwa macho yako, usiandike "wanadai". Andika "wameripoti", kisha useme ulichokiona.

Neno "kuomba" lina taabu ya aina hiyo. "Naomba" katika Kiswahili ni adabu ya kawaida, hata mkubwa humwambia mdogo wake. Likitafsiriwa moja kwa moja, Kiingereza huweza kusomeka kama mtu anayepiga magoti. Katika barua pepe ya Kiingereza adabu hukaa katika umbo la sentensi, yaani ombi hugeuzwa kuwa swali la upole na neno la "tafadhali" hutajwa mara moja tu. Likirudiwa katika kila mstari, huanza kusikika kama kukosa subira.

Upande wa kutoka Kiingereza hadi Kiswahili nako kuna mitego. Kiingereza kina neno moja fupi linalobeba maana ya "huenda" na maana ya "anaruhusiwa". Ilani ya Kiingereza ikitumia neno hilo kuhusu wauza maji na ada, Kiswahili lazima kichague. "Wauza maji huenda wakatoza ada" ni tahadhari. "Wauza maji wanaruhusiwa kutoza ada" ni kibali. Mwanagenzi asikisie. Amuulize afisa aliyeandika ilani, kwa sababu kesho yake mtu atakwenda kioskini na karatasi hiyo mkononi.

Saa na siku

Makosa yanayowaumiza wakazi upesi zaidi ni ya saa. Mkutano ulioandikwa 9:00 a.m. katika barua ya Kiingereza ni wa saa 3 asubuhi kwa Kiswahili. Mwanagenzi akinakili tarakimu bila kufikiri, tangazo litasema "saa 9", na wakazi watafika saa 9 alasiri, mkutano ukiwa umekwisha na majina ya waliohudhuria yamepelekwa. Kinyume chake, mkazi akiandika kwamba maji hukatika "saa 2", ripoti ya Kiingereza ikasema 2:00 bila kuuliza ni asubuhi au usiku, mhandisi atapima mfereji wakati usiofaa.

Kanuni ni kutoandika saa ya Kiswahili bila kipindi chake: asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Na unapohamisha, ongeza au toa 6, kisha usome tena kwa sauti. 9:00 a.m. ni saa 3 asubuhi. 2:00 p.m. ni saa 8 mchana. 7:30 p.m. ni saa 1 na nusu usiku.

Siku nazo ziangaliwe. "Juzi" ya barua iliyoandikwa Jumatano ni Jumatatu, lakini ikisomwa Ijumaa inaonekana kuwa Jumatano. Wengine pia husema "juzi" wakimaanisha siku chache zilizopita. Hapa pwani kuna jambo moja zaidi: kwa wengi wanaofuata hesabu ya siku inayoanza magharibi, "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao mwenye kalenda ya ofisi huuita Alhamisi usiku. Mlinzi akiripoti kwamba bomba lilipasuka usiku wa Ijumaa, muulize, kisha andika tarehe. Ndiyo maana katika jibu letu hapo juu "tangu juzi" iligeuka kuwa "tangu tarehe 1 Septemba", baada ya mwanagenzi kumpigia mkazi simu kuhakikisha.

Adabu ya kuomba na kuamkia

Kitenzi cha amri kitupu ndicho kinachowaponza wanagenzi wengi wanapoandika kwa Kiswahili, hasa waliozoea kuandika Kiingereza chuoni. "Nitumie orodha ya vioski leo" ni sawa kwa rafiki. Kwa afisa aliyekuzidi cheo na umri ni amri. "Naomba unitumie orodha ya vioski" inatosha. Ikiwa kuna haraka, toa sababu badala ya kuongeza ukali: "Naomba unitumie orodha ya vioski kabla ya saa 6 mchana, kwa kuwa ripoti inapelekwa leo alasiri." Msomaji akijua sababu hatajisikia kuamrishwa.

Kuna pia kosa la kuzidisha. Barua inayosema "naomba kwa unyenyekevu mkubwa kama itakupendeza na kama una nafasi" humfanya msomaji adhani jambo lenyewe si la lazima, akaliweka kando. Kioski kikavu ni jambo la lazima. Heshima moja mwanzoni na shukrani moja mwishoni zinatosha.

Kuhusu majina, ana kwa ana mwanagenzi atasema "shikamoo mzee" au "mama" kama anavyofanya nyumbani, na hilo ni jema. Katika barua tumia Bw., Bi. au Dkt. pamoja na jina, au cheo peke yake. "Mhe." ni ya gavana, mwakilishi wa wadi na viongozi wengine wenye hadhi hiyo. Usimpe kila afisa cheo hicho ukidhani unamheshimu zaidi, kwa sababu barua huwekwa katika faili na cheo kisicho chake huleta maswali. Salamu iwe fupi: "Bi. Msimamizi, habari za asubuhi." Sentensi ndefu za kutumai kwamba barua imemkuta msomaji akiwa salama ni tafsiri ya Kiingereza. "Natumai hujambo" inasema hayohayo kwa maneno mawili. Barua rasmi ifungwe kwa "Wako mwaminifu", barua pepe ya kila siku kwa "Asante" na jina, idara na cheo chako: mwanagenzi. Usiache neno hilo. Msomaji ana haki ya kujua kama anayemwandikia ana mamlaka ya kuamua.

WhatsApp ya kikundi cha ofisi ina adabu yake, lakini ombi linalohitaji kumbukumbu lisiishie huko. Liandike tena kwa barua pepe siku hiyohiyo ili liingie katika faili.

Kabla ya kutuma

Mwanagenzi akimaliza rasimu, aisome mara mbili kwa macho tofauti. Mara ya kwanza asome kama mkazi: je, nimeahidiwa kitu, na ninajua niende wapi, siku gani, saa ngapi? Mara ya pili asome kama afisa: je, ninaombwa nini, kufikia lini, na maneno haya yamethibitishwa au yameripotiwa tu? Pale ambapo sentensi ina majibu mawili, airekebishe au amuulize msimamizi kabla barua haijatoka.

Mkazi naye anaweza kurahisisha kazi hii. Unapoandikia ofisi ya kaunti, andika kwa Kiswahili ukipenda, lakini weka tarehe badala ya "juzi", taja kijiji na alama iliyo karibu, na ikiwa una ombi la habari, liweke katika aya yake peke yake ukianza na maneno "Naomba kupewa habari kuhusu". Omba nakala yako ipigwe muhuri wa tarehe ya kupokelewa. Nakala hiyo ndiyo itakayoonyesha siku 21 zilianza lini.